Nyimbo nne za Kifaransa kwa sikio la Mswahili wa Uganda: uanze na upi?

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu hapo watu wengi zaidi upande wetu wanauliza namna ya kujifunza Kifaransa. Mfanyabiashara wa Mpondwe huelewana na mwenzake wa Kasindi kwa Kiswahili bila shida, lakini karatasi za mizigo na barua za ofisini ng'ambo ya mpaka zimeandikwa kwa Kifaransa. Mwongozaji wa watalii kule Bwindi hupokea wageni kutoka Ufaransa na Ubelgiji waliokuja kuona sokwe. Mwanafunzi wa sekondari anasubiri mtihani wa kusikiliza. Wote hupewa ushauri uleule: sikiliza nyimbo za taratibu zenye maneno yanayosikika vizuri. Ushauri ni mzuri, ila haumwambii mtu ni wimbo gani, na nyimbo hazifundishi jambo moja.

Nimechagua nne za aina mbalimbali. Wa kwanza ni wimbo wa watoto, "Au clair de la lune". Wa pili ni "Tous les garçons et les filles", ulioimbwa na Françoise Hardy mwaka 1962. Wa tatu ni "Plus rien ne m'étonne" wa Tiken Jah Fakoly wa Côte d'Ivoire, uliotoka mwaka 2004. Wa nne ni wimbo wa kanisani, "À toi la gloire".

Vipimo ninavyotumia

Kipimo cha kwanza ni kasi. Mfaransa akizungumza kwa kawaida hutoa silabi 6 hadi 7 kwa sekunde moja. Wimbo wowote unaweza kuupima mwenyewe: hesabu silabi za mstari mmoja, washa saa ya simu, kisha gawanya silabi kwa sekunde. Ukipata moja au mbili, huo ni wimbo wa kuanzia. Ukipata nne, tayari umekaribia mazungumzo.

Kipimo cha pili ndicho ninachokiona kizito kuliko vingine kwetu sisi, nacho ni ile e ya mwisho wa neno. Katika mazungumzo ya kawaida ya Paris na kaskazini mwa Ufaransa, e hiyo haitamkwi: "lune", yaani mwezi, ni silabi moja tu. Katika wimbo, e hiyohiyo hupewa noti yake, na "lune" inakuwa silabi mbili, lu-ne, mkazo ukiangukia ile ya kwanza. Sasa tazama Kiswahili. Takriban maneno yetu yote huishia na irabu, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo Kifaransa cha kuimbwa hutuingia kwa urahisi kwa sababu kinafuata mapigo ya lugha yetu, na ulimi ukishakizoea hukipeleka hadi kwenye mazungumzo, pasipotakiwa. Na kadiri wimbo unavyokwenda polepole, ndivyo e hizo zinavyoongezeka.

Cha tatu ni sauti ambazo Kiswahili hakina: ile u ya Kifaransa, irabu za puani kama "on" na "an", na r inayotoka kooni. Cha nne ni nani utazungumza naye, kwa maana lafudhi ya Kifaransa cha Paris na ile ya Abidjan au Bunia si moja.

"Au clair de la lune"

Wimbo huu wa karne ya 18 ndio uliosikika katika rekodi ya kale kuliko zote za sauti ya binadamu akiimba tunazozijua, iliyochorwa na Édouard-Léon Scott de Martinville huko Paris mwezi Aprili 1860. Nauweka mbele kwa sababu ni mfupi, haudaiwi haki na mtu yeyote, na unabeba karibu matatizo yetu yote katika mistari minane:

Au clair de la lune,
Mon ami Pierrot,
Prête-moi ta plume
Pour écrire un mot.
Ma chandelle est morte,
Je n'ai plus de feu,
Ouvre-moi ta porte
Pour l'amour de Dieu.

Mtu anamwomba rafiki yake Pierrot amwazime kalamu aandike neno. Mshumaa wake umezimika, hana moto tena, basi afunguliwe mlango kwa ajili ya Mungu.

Kasi yake ni ya chini mno. Mistari miwili ya kwanza ina silabi 11, na ukiimba kwa mwendo wa kawaida inachukua sekunde 8 hivi. Hiyo ni silabi moja na kidogo kwa sekunde. Mfaransa akiyasema maneno hayohayo bila kuimba, anamaliza kabla ya sekunde mbili kutimia.

Basi fanya hivi. Chukua mstari wa tatu, "Prête-moi ta plume". Ukiimbwa una silabi sita: prê-te-moi-ta-plu-me. Uimbe huku ukigonga meza mara moja kwa kila silabi. Kisha useme kwa sauti ya kawaida, ukigonga vilevile, na sasa mapigo yawe manne: prêt-moi-ta-plum. Zile e mbili zimekufa. Jirekodi kwenye simu na usikilize neno la mwisho peke yake. Midomo ifungwe kwenye m na ibaki imefungwa. Ukisikia hata kairabu kadogo baada ya m, bado unaimba.

Linganisha na mstari wa saba, "Ouvre-moi ta porte". Ukiimbwa nao una silabi sita, lakini ukisemwa kwa utulivu unabaki na tano: ou-vre-moi-ta-port. E ya "porte" imeanguka, ila ile ya "ouvre" imesalia. Sababu ni kwamba ikiondolewa, konsonanti tatu, yaani v, r na m, zingebanana bila irabu katikati, na Mfaransa huepuka hali hiyo. Katika "prête-moi" zinakutana mbili tu, t na m, kwa hiyo e inaondoka bila kuacha tatizo. Mistari hii miwili ikikukaa mdomoni, umeshika kanuni itakayokusaidia katika maelfu ya maneno.

Upande wa sauti, "lune", "plume" na "plus" zote zina ile u ngumu. Namna ya kuipata ni kutamka i ya Kiswahili, kama katika "kiti", ukaishikilia, halafu ukaviringa midomo kana kwamba unataka kusema u, huku ulimi usisogee hata kidogo. Kosa la kawaida ni ulimi kurudi nyuma midomo inapoviringika, na hapo "lune" inatoka na u ya Kiswahili. Jipime kwa kurudisha midomo ilivyokuwa bila kugusa ulimi: ikisikika i safi, ulikuwa sawa.

Irabu za puani zimo katika "chandelle" na "un mot". Unapotamka "an" ya "chandelle", ncha ya ulimi isiguse nyuma ya meno. Ikigusa, umetamka n. Lakini angalia "mon ami": hapo n inarudi kwa sababu neno linalofuata linaanza na irabu, na maneno mawili yanashikana kuwa mo-na-mi. Vivyo hivyo "écrire un" inasikika é-cri-run, na "chandelle est" inasikika chan-de-lè. Wanafunzi wengi wanaolalamika kwamba Wafaransa wanameza maneno wanakwama kwenye mishikamano hii. Wimbo wa polepole unawaonyesha kiungo kilipo.

Una upungufu pia. Maneno mengine ni ya zamani: "plume" hapa ni unyoya wa kuandikia, na leo mtu akitaka kalamu huomba "stylo". Pia utaujua kwa moyo haraka sana, na tangu siku hiyo huusikilizi tena, unaukumbuka tu. Kwa mazoezi ya kutamka bado utakufaa. Kwa mazoezi ya sikio utakuwa umekwisha.

Unamfaa anayeanza kabisa, mwalimu wa watoto, na yeyote aliyejifunza Kifaransa kwa vitabu akawa anakijua kwa macho kuliko kwa masikio.

"Tous les garçons et les filles"

Huu ni wimbo wa kijana anayewatazama wenzake wa rika lake wakitembea wawili wawili barabarani, yeye akiwa peke yake. Françoise Hardy alikuwa na umri wa miaka 18 alipourekodi, na anauimba kwa sauti ya chini iliyo karibu na ya mtu anayesema. Ala ni chache na hazimfuniki. Mwendo ni wa taratibu, lakini silabi zinafuatana haraka kuliko za wimbo wa watoto, kwa hiyo sikio linafanya kazi zaidi.

E ya mwisho inaongezwa hapa pia pale muziki unapoidai, lakini kwa kuwa sauti yake iko karibu na mazungumzo, unaweza kulinganisha mahali alipoitamka na mahali alipoiacha. Zoezi ninalolipenda ni kuandika ubeti mmoja kwenye karatasi, kusikiliza na penseli mkononi, na kukata kwa mstari kila e ambayo hukuisikia. Baadaye soma ubeti huo kwa sauti ya mazungumzo na ukate zile zilizobaki ambazo kanuni ya "prête-moi" inaziruhusu kuanguka. Utajionea mwenyewe umbali uliopo kati ya kuimba na kusema.

Kwenye sauti, jina lenyewe ni somo. "Garçons" inaishia na irabu ya puani, na s haisikiki. "Filles" haina l hata moja: inatamkwa karibu na "fiy", na anayesoma kwa herufi za Kiswahili atasema "file" ambayo ni neno jingine kabisa, foleni. R yake ni ya kooni, ya Paris, na haikokotwi sana. Hili ni muhimu kwa sababu waimbaji wengi wa zamani kidogo, Édith Piaf akiwa mfano mkubwa, walikuwa na r yenye nguvu ambayo leo ukiitumia dukani watu watageuka kukutazama.

Nyongeza moja kwa wenzetu ambao lugha yao ya kwanza ni Luganda. Katika Luganda r hukaa baada ya e na i, na kwingineko ni l. Desturi hiyo ikiingia kwenye Kifaransa, "la rue", yaani barabara, hutoka "la lue", na msikilizaji hapati maana. Neno "rue" limo katika ubeti wa kwanza wa wimbo huu, nalo linaunganisha mitihani miwili, r na u, katika silabi moja. Lirudie hadi liwe jepesi.

Wimbo huu unamfaa anayejua misingi na ambaye atazungumza na watu kutoka Ulaya: mwongozaji wa watalii, mhudumu wa hoteli ya Kisoro au Entebbe, mwanafunzi anayetaka kwenda kusoma huko. Haumfai sana anayetaka maneno ya kazi. Ni wimbo wa mapenzi, na msamiati wake ni mikono, macho, moyo na kesho.

"Plus rien ne m'étonne"

Tiken Jah Fakoly anaimba rege, na rege ina faida yake: mwendo haukimbizwi, na mwimbaji anatua mwisho wa kila sentensi. Hata hivyo besi na ngoma ziko mbele, kwa hiyo spika ya simu haitoshi. Tumia vipokea sauti vya masikioni, la sivyo utapoteza silabi dhaifu ukadhani hazipo.

Kinachoufanya uwe mzuri kwa sikio ni jinsi ulivyojengwa. Beti zinaeleza wakubwa wa dunia wakigawana nchi, na sentensi inarudia umbo moja: ukiniachia nchi hii, nami nakuachia ile. Majina ya nchi yanabadilika, umbo halibadiliki. Msikilizaji asiyejua maneno mengi anashika majina, Tchétchénie, Afghanistan, Pakistan, na kutoka hapo anaanza kusikia "si tu me laisses" na "moi je te laisse" vikirudi. Hilo ni zoezi bora kuliko kusoma orodha ya maneno, kwa kuwa unajifunza namna ya kuweka sharti kwa Kifaransa. Baada ya siku kadhaa tunga zako: badala ya nchi weka gunia la kahawa, katoni ya sabuni, kitanda. Mfanyabiashara anaona mara moja kazi yake.

E ya mwisho: jipime kama kwenye wimbo wa Hardy, kwa karatasi na penseli. "Laisse" ni silabi moja katika mazungumzo, na kwa kuwa inarudi mara nyingi, utapata nafasi nyingi za kuipatia.

Kwenye sauti, jina la wimbo lina "plus" ileile ya "je n'ai plus de feu". Kotekote s haitamkwi kwa sababu maana ni ya kukanusha, "tena hakuna". Ukiitamka s, msikilizaji anaweza kudhani unamaanisha "zaidi", na mkataba wa biashara ukageuka kichwa chini. Irabu ya puani ya "rien" nayo ni tofauti na ile ya "mon": mdomo unafunguka na kutanuka kidogo.

Lafudhi yake ni ya Afrika Magharibi. Wazungumzaji wengi wa Kifaransa barani kwetu, Kongo ikiwemo, hutamka r kwa ncha ya ulimi kama sisi, na wanaeleweka Paris na Kinshasa pia. Kwa anayelenga Bunia, Beni au Goma, sioni sababu ya kujitesa na r ya kooni mwezi wa kwanza. Anayetaka kuhudumia watalii atahitaji kuizoea angalau kwa sikio.

Ugumu wa wimbo huu ni maudhui yake. Bila kuelewa kidogo siasa za dunia za miaka ile, baadhi ya mistari itapita bila kushika. Na kasi yake ni ya juu kuliko nyimbo nyingine zote hapa, kwa hiyo si wa siku ya kwanza. Unaweza kupunguza kasi ya video hadi 0.75, lakini fanya hivyo kwa kusikiliza tu. Sauti iliyovutwa na mashine si ya kuiga.

"À toi la gloire"

Huu nitaupitia kwa ufupi, kwa sababu wengi wanaujua tayari bila kujua. Maneno yaliandikwa na mchungaji wa Uswisi, Edmond Budry, mwaka 1884, na tuni ni ya Händel, ileile inayoimbwa kwa Kiingereza wakati wa Pasaka katika makanisa mengi ya Uganda. Kama tuni unayo kichwani, akili yote inabaki kwa maneno.

Ni wa polepole na maneno ni machache, lakini unaimbwa na kwaya, na sauti za watu wengi hufuta mipaka ya konsonanti. Sikiliza rekodi ya mwimbaji mmoja ukiipata. E za mwisho ziko kila mahali: "gloi-re", "victoi-re". Katika kusema, "gloire" ni silabi moja, na hapo tena mzungumzaji wa Luganda aiangalie r inayofuata a. Sauti ya u iko katika "Ressuscité", neno refu linalostahili kurudiwa taratibu.

Unawafaa wanaosali na jumuiya za Wakongomani mjini Kampala, ambako Kifaransa husikika ibadani pamoja na Lingala na Kiswahili. Faida yake ni kwamba utauimba pamoja na watu wanaoijua lugha, kitu ambacho simu haiwezi kukupa. Baada ya ibada muombe mmoja akusomee ubeti kama anayesoma Maandiko, bila tuni.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kujifunza Kifaransa, anza na "Au clair de la lune" na usiondoke hadi mstari wa tatu na wa saba uweze kuisema, si kuiimba tu. Kama ni mwalimu wa watoto, uimbishe, na kila mara maliza kwa kuusema kwa mdomo wa kawaida, kwa maana mtoto atakayekaa na lu-ne miaka mitatu itamgharimu kuiacha.

Mwongozaji wa watalii avuke haraka kwenda kwa Hardy, na afanye zoezi la penseli ubeti baada ya ubeti. Mfanyabiashara wa mpakani aende kwa Tiken Jah hata kabla hajawa tayari kabisa, ashike umbo la "si tu me laisses", aongezee bidhaa zake. Mwanafunzi wa mtihani atumie wimbo wa watoto kujifunza herufi zipi zinaandikwa bila kusikika, kisha ajipe imla kutoka kwa Hardy: asikilize mstari mmoja, asimamishe, aandike, na asifungue maneno yaliyochapwa hadi ubeti uishe.

Aliyekwisha kusoma Kifaransa miaka mingi lakini bado hafuati watu wakizungumza, tatizo lake mara nyingi ni mishikamano ya maneno. Huyo asiogope kurudi kwenye wimbo wa watoto kwa muda mfupi, kwa ajili ya "mon ami" na "écrire un" tu, kisha asikilize Tiken Jah bila maandishi. Na kama mwalimu wako ametoka Marseille au Toulouse, usishangae akizitamka e za mwisho hata anaponunua mkate. Kusini mwa Ufaransa ndivyo wanavyosema, na ulimi wa Mswahili utajisikia nyumbani. Ukimchagua huyo awe kielelezo chako, mfuate yeye kwa kila neno, usichanganye na cha Paris.